Kumsoma mpinzani kabla ya mechi: mwongozo kamili, kuanzia video hadi mpango wa mchezo

Makocha wengi wa timu ndogo wana lalamiko moja: video waliangalia, wachezaji waliwaambia, na bado wamefungwa bao lile lile waliloliona kwenye video. Nikiomba kusoma ripoti waliyoandika, nakuta kurasa tatu au nne zenye maneno kama "wana kasi pembeni", "kiungo wao anajua mpira", "mipira ya juu wako imara". Yote huenda ni kweli. Ila hakuna sentensi hata moja inayomwambia winga wetu wa kushoto asimame wapi mpinzani akiwa na mpira, wala akimbilie wapi tukiupora.

Mwongozo huu ni wa soka, kwa kocha au msaidizi wake mwenye siku tano hivi kabla ya mechi na asiye na jopo la wachambuzi. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili uone jinsi jambo lililoonekana kwenye video linavyogeuka kuwa agizo kwa mchezaji.

## Vitu vya kuandaa

- Video kamili za mechi tatu za mpinzani, dakika zote 90. Klipu za mabao peke yake hazitoshi, kwa sababu zinakuonyesha mwisho wa jambo na kukuficha chanzo chake.
- Kompyuta au simu yenye programu ya kuchezesha video unayoweza kuipunguza kasi. VLC ni ya bure na inatosha: kwenye kompyuta, `[` inapunguza kasi, `]` inaongeza, na `E` inasogeza picha moja moja.
- Daftari, pamoja na karatasi kadhaa zenye mchoro wa uwanja mtupu. Chora mmoja, toa nakala.
- Orodha ya kikosi cha mpinzani yenye namba za jezi, na taarifa za waliojeruhiwa au kufungiwa.
- Muda. Mechi moja ikiangaliwa vizuri inakula saa mbili na nusu hadi tatu. Kama huna muda wa mechi tatu, angalia mbili kwa umakini na usiikimbize ya tatu.

Kama video hazipo, nenda ukaitazame mechi yao uwanjani. Kaa juu kadiri uwezavyo, karibu na mstari wa kati, na ujizoeze kuuacha mpira uende zake huku macho yako yakibaki kwa mabeki wao. Ukimtuma mtu akurekodie, mwambie asiukimbize mpira kwa kamera. Picha pana inayoonyesha wachezaji 20 ina faida kuliko picha ya karibu ya mtu mmoja anayepiga chenga.

Onyo moja kabla hatujaanza: usitume mtu kuchungulia mazoezi ya faragha ya wapinzani. Januari 2019 mtu wa benchi la Leeds United, iliyokuwa chini ya Marcelo Bielsa, alikutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby County. Leeds ilitozwa faini ya pauni 200,000, na ligi ambayo timu hizo zilikuwa zikicheza ikatunga kanuni ya kukataza kutazama mazoezi ya mpinzani ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Unachokihitaji kimo kwenye mechi zao, zinazochezwa mbele ya watu wote.

## Hatua ya 1: Chagua mechi zinazofanana na yako

Chukua mechi mbili za karibuni, halafu utafute ya tatu ambayo mpinzani alicheza na timu inayofanana na yenu. Kama mnajihami nyuma na kushambulia kwa kushtukiza, mechi waliyocheza na timu iliyowakabia juu dakika zote 90 itakudanganya. Utawaona wakibutua mipira mirefu, utajiandaa kwa mipira mirefu, kisha siku ya mechi watapiga pasi fupi nyuma kwa utulivu kwa sababu hakuna anayewasumbua.

Ondoa mechi ambayo mtu alitolewa kwa kadi nyekundu mapema, na yoyote iliyochezwa kabla kocha wao wa sasa hajafika. Angalia pia nani hakuwepo. Timu isiyo na kiungo mkabaji wake wa kawaida mara nyingi hucheza kama timu nyingine kabisa.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini kila mechi imo kwenye orodha yako.

## Hatua ya 2: Dakika 20 za kwanza bila kusimamisha

Ukiwa na hamu ya kuandika kila kitu, utasimamisha video kila baada ya sekunde kumi na mwishoni hutajua timu inachezaje. Kwa hiyo anza na dakika 20 bila kugusa kitu, kisha chora michoro miwili: wamekaaje wakiwa na mpira, na wamekaaje wasipokuwa nao. Timu inayotangazwa kuwa ni 4-3-3 inaweza kuwa 4-5-1 ikikaba, na ikishambulia ikabakiza mabeki watatu tu nyuma.

Baada ya hapo jiulize kuhusu nyakati mbili fupi ambazo wengi huziruka: sekunde tano baada ya kupoteza mpira, na sekunde tano baada ya kuupora. Je, wakipoteza wanarudi mbio au wanamvamia mwenye mpira? Wakipora wanatazama mbele au wanarudisha nyuma ili watulie? Mabao mengi ya timu za kiwango cha kati yanazaliwa hapa, kabla mtu yeyote hajakaa kwenye nafasi yake.

Umefanikiwa kama: michoro yako miwili haifanani. Ikifanana, rudia, maana ni nadra sana timu kubaki na umbo lile lile ikiwa na mpira na isipokuwa nao.

## Hatua ya 3: Hesabu, usikumbuke

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapokosea. Akili hushika tukio la kuvutia na kusahau lile lililojirudia kimya kimya. Beki wao akiteleza mara moja wakafungwa bao, utaandika "beki wao ni dhaifu". Beki yule yule akipanda mara 19 bila kuadhibiwa, hutaandika chochote, kumbe huyo ndiye mlango.

Kila unapoona jambo unalodhani ni mazoea, liandike kama swali lenye pande mbili: lilitokea mara ngapi, kati ya nafasi ngapi za kutokea? Kusema "beki wa kulia anapanda sana" hakusaidii. Unachotaka kujua ni hiki: kati ya mara zote walizotulia na mpira kwenye nusu ya wapinzani wao, ni mara ngapi beki huyo alikuwa mbele ya mpira?

Tuchukue mfano wetu. Wapinzani tunaowachambua wanacheza 4-3-3. Namba 2, beki wa kulia, anapanda hadi usawa wa winga wake, na winga namba 7 anaingia ndani. Tunahesabu kwenye mechi zote tatu. Mechi ya kwanza: mashambulizi 22 ya kutulia, namba 2 alipanda mara 19. Mechi ya pili: 18, akapanda mara 15. Mechi ya tatu: 17, akapanda mara 6 tu.

Kocha mwenye haraka atajumlisha na kuandika "anapanda mara 40 kati ya 57", kisha aendelee. Usifanye hivyo, maana mechi ya tatu ndiyo yenye habari. Irudie na uulize nini kilimzuia. Katika mfano wetu, timu aliyocheza nayo ilikuwa na winga wa kushoto mwenye kasi aliyekataa kurudi kukaba. Alibaki karibu na mstari wa kati muda wote, na namba 2 akaogopa kumwacha. Kwa hiyo mazoea haya yana sharti: namba 2 anapanda pale tu asipokuwa na mtu wa kumhofia mgongoni.

Habari hii itabadilisha mpango wetu wote, kama utakavyoona kwenye hatua ya 6.

Kipimo changu ni hiki: jambo likitokea mara moja ni tukio. Likijirudia ndani ya mechi moja peke yake, huenda limesababishwa na timu waliyocheza nayo siku hiyo. Likijirudia mara nyingi kwenye angalau mechi mbili kati ya tatu, ni mazoea, na mazoea ndiyo yanayoweza kutegwa.

Andika saa ya video kwa kila unachohesabu, kwa mtindo huu:

```
M1 34:10  2 amepanda, mpira umepotea, nafasi wazi nyuma yake
M1 41:55  2 amepanda, krosi, mlingoti wa mbali
M3 12:20  2 amebaki, winga wa kushoto yuko juu
```

Utazihitaji saa hizo ukitafuta klipu za kuwaonyesha wachezaji. Bila hizo utaanza upya kutafuta usiku wa manane.

Umefanikiwa kama: kila dai kwenye daftari lako lina namba mbili na saa ya video mbele yake. Dai lisilo navyo likate.

## Hatua ya 4: Fuata mabao kinyumenyume

Chukua mabao waliyofungwa na nafasi za wazi walizowapa wapinzani. Usianze pale mpira unapoingia wavuni. Rudi nyuma sekunde 20, na usimamishe kila baada ya pasi ukiuliza: ni hapa walipoharibu, au walishaharibu kabla?

Kwenye mfano wetu wamefungwa mabao manne katika mechi tatu. Ukitazama mwisho wake, mawili yanaonekana kuwa makosa ya namba 4, beki wa kati wa kulia, aliyepitwa kwa mbio. Ukirudi nyuma unagundua kwamba mara zote mbili namba 4 alikuwa ametolewa pembeni kwenda kuziba nafasi iliyoachwa na namba 2. Alipigwa pasi mgongoni huku mwili wake ukitazama pembeni, na kugeuka kulimchukua muda. Tatizo lilizaliwa kwenye kupanda kwa namba 2, namba 4 akalilipia.

Tofauti hii ina maana kubwa uwanjani. Ukiandika "namba 4 ni mzito", mshambuliaji wako atashindana naye mipira ya juu katikati, ambako namba 4 yuko imara. Ukiandika "namba 4 ni mzito akivutwa pembeni na kulazimika kugeuka", mshambuliaji anajua wapi pa kumpeleka.

Watazame mchezaji mmoja mmoja kwa namna hiyo hiyo, ila wasizidi wanne: yule ambaye mpira humpitia mara nyingi, yule anayefunga, na wawili walio upande mnaotaka kushambulia. Andika mguu anaoutumia na anachofanya akibanwa. Sifa nyingine achana nazo.

## Hatua ya 5: Mipira ya kutenga

Kona, faulo za karibu na mipira ya kurusha vinasomeka kwa urahisi kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu kila mtu anaanza akiwa amesimama. Tazama kona zote za mechi tatu kwa mkupuo mmoja, za kushambulia kisha za kujilinda.

Kwa kona wanazozuia, chora nani anakaba mtu na nani analinda eneo, kisha utafute sehemu isiyo na mtu. Katika mfano wetu wanaweka watu watano mbele ya kipa, na hakuna anayesimama kwenye ukingo wa boksi. Mipira mingi inayookolewa inaangukia hapo, na hakuna wa kuiwahi.

Kwa penalti, andika upande anaopendelea mpigaji wao wa kawaida, ila usimwekee kipa mzigo mkubwa. Kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2006 dhidi ya Argentina, kipa wa Ujerumani Jens Lehmann alikuwa na karatasi ndani ya soksi yenye majina ya wapigaji na pande zao. Aliokoa penalti mbili. Lakini Esteban Cambiasso, aliyepiga ile ya mwisho iliyookolewa, hakuwemo kwenye karatasi hiyo. Kipa wako lazima ajue atafanya nini akija mtu asiye kwenye orodha.

## Hatua ya 6: Chuja, kisha geuza kuwa maagizo

Mpaka hapa una mambo kama kumi na tano. Wachezaji hawawezi kubeba kumi na tano. Wape matatu: mawili ya kuwaumiza wapinzani na moja la kujilinda.

Pitisha kila jambo kwenye maswali matatu. Je, linatokea mara nyingi? Je, litatokea dhidi yetu? Je, tuna mchezaji wa kulitumia? Likishindwa swali moja, litoe, hata kama ulitumia usiku mzima kuligundua. Bielsa alisimulia kwamba baada ya fainali ya Kombe la Mfalme ya 2012, ambapo Athletic Bilbao yake ilifungwa 3-0 na Barcelona, alimpelekea Pep Guardiola, kocha wa Barcelona wakati huo, uchambuzi aliokuwa ameufanya wa timu hiyo, naye Guardiola akamwambia kwamba yeye Bielsa anaijua Barcelona kuliko Guardiola mwenyewe. Bielsa akaongeza kwamba ujuzi wote ule haukumfaa kitu, kwani mabao matatu alifungwa vile vile.

Turudi kwa namba 2. Kupanda kwake kunapita swali la kwanza. La pili linategemea sisi: winga wetu akibaki juu, namba 2 hatapanda. Kwa hiyo tuna njia mbili, na lazima tuchague moja.

Njia ya kwanza: winga wetu abaki juu tangu mwanzo. Namba 2 atabaki nyuma, na shambulizi lao la kulia litapungua makali. Lakini nafasi nyuma yake haitafunguka, na kwenye mechi ya tatu tuliona wakihamishia mashambulizi kushoto kwao, kwa namba 3 na 11. Njia hii inafaa kama beki wetu wa kulia ni mgumu kupitika na sare inatutosha.

Njia ya pili: winga wetu arudi hadi usawa wa viungo wetu, asimame kwa ndani, na amwache namba 2 apande. Tukipora mpira, nafasi iko wazi. Gharama yake ni kwamba namba 2 atapata krosi kadhaa.

Ili kujua kama tunaweza kuilipa gharama hiyo, tunarudi kwenye daftari. Krosi zake nyingi anazipiga akiwa nje ya boksi, zinakwenda mlingoti wa mbali anakoingia namba 11. Krosi za namna hiyo kipa wetu na beki wa kulia wanazimudu, mradi beki asimame upande wa ndani ya namba 11 na asiutazame mpira peke yake. Kinachotuumiza zaidi ni pasi ya namba 2 kwenda kwa namba 7 aliyeingia ndani. Tunachagua njia ya pili, tunaiacha krosi, tunaiziba pasi.

Sasa andika agizo. Liwe na sehemu tatu: ishara, tendo, na jina la anayeanza. Yetu yanakuwa hivi:

1. Namba 2 wao akipanda, winga wetu wa kushoto hamfuati hadi kwenye kona. Anasimama kwa ndani kuziba pasi ya kwenda kwa namba 7, na kiungo wetu wa kushoto ndiye anayemtokea namba 2. Anayeanza kuhama ni kiungo.
2. Tukipora mpira upande huo, mshambuliaji wetu anakimbilia pembeni kushoto ili amtoe namba 4, na winga anakata kwa kasi kati ya namba 4 na namba 5, beki wao mwingine wa kati. Pasi ya kwanza ni mbele. Haipo pasi ya pili ya kutuliza.
3. Kona yetu ikiokolewa, kiungo mkabaji wetu tayari yuko kwenye ukingo wa boksi. Anapiga au anarudisha pembeni, haruhusiwi kupiga chenga.

Ona kwamba agizo la kwanza linamlemea kiungo wa kushoto, maana atakimbia sana kwenda pembeni na kurudi. Kama mchezaji wako wa nafasi hiyo huwa amekwisha dakika ya 60, panga mapema nani ataingia badala yake. Kila badiliko linafungua kitu sehemu nyingine, na kitu hicho lazima ukitaje kabla mpinzani hajakigundua.

Onyo: usibadilishe mfumo mzima kwa sababu ya mpinzani mmoja. Timu iliyozoea mabeki wanne ikiwekewa watatu kwa mazoezi ya siku tatu, itapoteza zaidi kwa kuchanganyikiwa kuliko itakavyopata kwa ujanja huo.

Umefanikiwa kama: maagizo yote yanaenea kwenye nusu ukurasa, na kila moja lina jina la mtu.

## Hatua ya 7: Waonyeshe wachezaji

Kikao kisizidi dakika 15. Klipu sita hadi nane, kila moja sekunde 20 hivi, na ziwe kwa mpangilio wa maagizo. Kwa agizo la pili, onyesha namba 2 akiwa amepanda, mpira unapotea, kisha simamisha. Muulize winga wako: "Ungekuwa hapa, ungekimbilia wapi?" Akijibu mwenyewe atakumbuka. Ukimjibia, atakuwa amesahau kabla ya kufunga viatu.

Usimalize kwa kuonyesha mabao yao mazuri. Nimeona benchi nyingi zikifanya hivyo kwa nia njema ya kutahadharisha, na wachezaji wakatoka kikaoni wakizungumzia namba 11 wa wapinzani badala ya kazi zao.

Kisha nenda uwanjani. Wachezaji wa akiba wavae jezi za rangi nyingine wacheze kama wapinzani, na mmoja awe namba 2, aambiwe apande kila mara. Anza kwa kutembea, kila mtu asogee kwenye nafasi yake. Ongeza kasi taratibu. Mwishowe mwambie huyo namba 2 apande mara nyingine na abaki mara nyingine bila kutoa taarifa, ili kiungo na winga wako wajifunze kusoma ishara badala ya kukariri mbio. Siku moja kabla ya mechi, pitieni kona peke yake na mwachane.

Umefanikiwa kama: kiungo wako anahama bila kuitwa. Kama bado unampigia kelele kutoka pembeni, agizo halijaingia. Lirahisishe au liondoe.

## Hatua ya 8: Siku ya mechi

Orodha ya kikosi chao ikitoka, jambo la kwanza ni kutazama kama watu uliowajengea mpango wanacheza. Namba 2 akiwa benchi, mwite winga na kiungo pembeni, uwaambie agizo la kwanza linasubiri mpaka muone aliyechukua nafasi yake anafanya nini. Usiifute mipango yote. Namba 4 bado yupo, na kona zao hazijabadilika.

Mpe msaidizi mmoja kazi ya kuhakiki dakika 15 za kwanza. Aandike mambo matatu tu: namba 2 amepanda mara ngapi, namba 7 anaingia ndani au anabaki pembeni, na nani yuko kwenye ukingo wa boksi kwenye kona yetu ya kwanza. Akikuletea majibu tofauti na video, amini uwanja. Nao wana kocha, na huenda wamewasoma ninyi.

Katika mfano wetu, tuseme namba 2 hajapanda hata mara moja mpaka dakika ya 15. Angalia kwanza winga wako: amerudi kweli, au amebaki juu kwa tamaa ya kushambulia? Mara nyingi mpango umekwama kwa sababu sisi wenyewe hatujatimiza sharti lake. Kama winga yuko mahali pake na namba 2 bado hapandi, wamebadilika. Hamia njia ya kwanza: mpandishe winga, na umtahadharishe beki wa kulia kwamba mashambulizi yatakuja upande wake.

Mapumziko, rekebisha jambo moja. Wachezaji wamechoka, wana dakika chache, na neno la pili litafuta la kwanza.

## Hatua ya 9: Ripoti yako nayo ipimwe

Ndani ya siku mbili baada ya mechi, rudi kwenye maagizo yako matatu ukiwa na video ya mechi yenu. Kwa kila moja andika: ishara ilitokea mara ngapi, tulifanya tulichopanga mara ngapi, na kilizaa nini. Usiyapime kwa matokeo ya mechi peke yake.

Namba 2 akipanda mara 14 na sisi tukaitumia nafasi hiyo mara 2, usomaji ulikuwa sahihi na mazoezi ndiyo hayakutosha. Akipanda mara 3 huku winga wetu akiwa amerudi kama tulivyopanga, tatizo liko kwenye usomaji: pengine mechi ulizochagua hazikufanana na yenu, au sharti ulilodhani umelipata lilikuwa jingine. Ukijua ni lipi kati ya hayo mawili, unajua hatua gani ya kuirekebisha kabla ya mpinzani anayefuata.

Hifadhi daftari, michoro na saa za video kwa ajili ya mechi ya marudiano. Kabla ya siku hiyo, iangalie timu yako mwenyewe kwa kutumia hatua ya 3 na ya 4, kana kwamba wewe ndiye msaidizi wao, na uone ni mazoea gani ya winga na kiungo wako ambayo wao tayari wameshayahesabu.